Ulizeni Kwanza, Kisha Mwambieni Atembee

Enyi watu wa kine wa Butembo na Beni, nanyi waganga wa sante mnaotutumia wagonjwa, nisikilizeni. Anapoingia mtu ameshika kiuno, amepinda upande, uso umekunjamana kwa maumivu yaliyomshika juzi, msikimbilie mafuta ya kukandia. Msimlaze kwanza. Kaeni naye, mtazameni, mumuulize. Dakika ishirini za maswali na za kupima kwa mikono zinatosha kuwatambua wale wachache ambao mgongo wao umeficha ugonjwa wa kuua au wa kupoozesha. Na kwa wale wengi waliobaki, dakika hizohizo zinatupa haki ya kuwaambia kwa kinywa kipana kwamba watapona, na kwamba dawa yao ya kwanza ni kutembea.

Kuna makosa mawili yanayowaumiza watu wetu, na yote mawili hutendeka katika vyumba vya tiba. La kwanza ni kumkanda mtu wiki tatu bila yeyote kumuuliza kama mkojo unatoka vizuri. La pili ni kumtwaa mtu mzima ambaye kiuno kimemkaza tu, kumwambia diski imetoka, kumlaza kitandani, kumfunga mkanda na kumchoma sindano mfululizo, mpaka anatoka akiamini kwamba mgongo wake haufai tena kwa kazi. Anayetenda kosa la kwanza hakuuliza. Anayetenda la pili hakuamini majibu aliyopewa. Nawasihi, tuyaache yote mawili.

Huko Sydney, Australia, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 1,172 waliofika kwa mara ya kwanza wakiwa na maumivu mapya ya kiuno, wengine kwa madaktari, wengine kwa watu wa kine kama sisi, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Katika watu wote hao, waliokutwa na ugonjwa mkubwa ndani ya mwaka mzima walikuwa 11 tu, na 8 kati yao walikuwa wamevunjika pingili. Lakini tazameni upande wa pili wa hesabu hiyo: karibu watu 80 katika kila 100 walikuwa na angalau alama moja ya hatari kati ya zile tulizofundishwa shuleni. Kama alama moja ingetosha kumtuma mtu kwenye picha ya radio, wanane kati ya kumi wangepanga foleni kwa ajili ya ugonjwa wasiokuwa nao.

Somo hili sisi wa hapa tulilipata kwa machozi. Tangu Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, tulipimwa joto la mwili kwenye vizuizi vya barabara na milangoni mwa makanisa. Homa peke yake haikumfanya mtu kuwa mgonjwa wa Ebola. Wengi walikuwa na malaria. Lakini homa ya mtu aliyemuuguza jirani aliyekufa, akaosha maiti, kisha akaanza kutapika na kuhara, hiyo ilikuwa habari nyingine, na kila mtu aliijua bila kufundishwa. Alama za hatari za mgongo husomwa vivyo hivyo. Mwongozo wa kimataifa wa watu wa kine uliotolewa mwaka 2020 unasema jambo hilohilo: alama moja ikisimama peke yake ni dhaifu, zikikusanyika katika mtu mmoja zinapata nguvu, na hata hapo zipimwe kwa kumtazama mtu mzima, umri wake, afya yake na mahali anapotoka.

Na mahali ni neno kubwa. Sydney si Mulekera. Nchi yetu iko katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kifua kikuu kikiingia kwenye mifupa, pahali kinapopenda zaidi ni uti wa mgongo. Kwa hiyo msiichukue ile hesabu ya 11 kati ya 1,172 mkalala usingizi nayo. Namna ya kufikiri tuichukue kwao. Macho yawe ya hapa.

Namleta kijana wa mfano, niliyemtunga kutokana na sura nyingi. Ana miaka 24. Familia yake ilikimbia mauaji katika vijiji vya upande wa Oicha, sasa wanaishi Beni kwa ndugu, watu saba chumba kimoja. Anakuambia mgongo ulianza Jumatatu aliponyanyua gunia la kakao. Ukiishia hapo, umemwandika kuwa na maumivu mapya ya kawaida na umemwekea mikono. Usiishie hapo. Muulize: "Kaka, kabla ya Jumatatu mgongo ulikuwaje?" Atanyamaza kidogo, kisha atasema ulikuwa unauma polepole tangu miezi miwili iliyopita, gunia limeuzidisha tu. Muulize usiku. Anasema hata akilala chali, hata akigeuka ubavu, hapati mkao wa kumpumzisha, na shati huloa jasho. Muulize nguo. Suruali imelegea, siku hizi anaifunga kwa kamba. Muulize nyumbani nani anakohoa. Mjomba wake anakohoa tangu msimu wa mvua.

Sasa inuka umpime. Thermometa zilizobaki baada ya Ebola zisikae kabatini. Hapa inaonyesha 37.9. Mwangushie kalamu sakafuni, umwambie aiokote. Mtu aliyekazwa na misuli atainama kwa uchungu, lakini mgongo utajikunja kidogo. Kijana huyu anashuka kwa magoti, mgongo umenyooka kabisa, mkono mmoja umeshika paja, kwa sababu mwili wake unakilinda kitu. Pitisha kidole kwenye pingili moja baada ya nyingine, kisha gonga kila moja taratibu kwa ngumi. Zote anavumilia, ila moja hapo juu kidogo ya kiuno inamrusha. Tazama kwa ubavu kama pingili hiyo imechomoza. Papasa kinenani, maana usaha wa kifua kikuu cha mgongo hushuka kando ya msuli na kujitokeza huko kama uvimbe usio na joto. Mwambie atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Gonga magoti na visigino uone miguu inavyoruka.

Hakuna hata kimoja katika hivi kinachotosha kikiwa peke yake. Jasho la usiku lina sababu nyingi, njaa hukondesha watu wengi katika makazi ya wakimbizi, na maumivu ya usiku ni ya kawaida. Lakini vyote vimekaa katika mwili mmoja, pamoja na mjomba anayekohoa. Mkono wako usiunyooshe mgongo huu wala kuuvuta. Mwandikie barua aende hospitali wiki hii, na ukikuta miguu imeanza kulegea, aende leo. Andika wazi kwamba unashuku kifua kikuu cha mgongo, uombe wampime damu, VS na virusi vya Ukimwi, na makohozi kama anakohoa. Tena mwambie daktari, kwa heshima, kwamba picha ya radio ikionekana safi isimfariji yeyote, maana mfupa huliwa sana kabla radio haijauona. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika mpango wa taifa. Kijana akianza kuzimeza kabla pingili haijaporomoka, ataendelea kutembea. Ndugu zangu, hii ndiyo sababu nasema ulizeni!

Sasa nije kwenye maswali ambayo wengi wetu tunaona haya kuyatamka. Chini kabisa mwa uti wa mgongo kuna fungu la mishipa ya fahamu inayoendesha kibofu, haja kubwa, viungo vya uzazi na ngozi ile inayogusa kiti tunapokaa. Diski kubwa ikilibana fungu hilo, tuna saa, si wiki. Daktari wa upasuaji akichelewa, mtu anaweza kubaki na mpira wa mkojo maisha yake yote. Na ugonjwa huu hauanzi kwa kujikojolea, maana huko ni mwisho wake. Huanza kwa mambo madogo: mkojo unachelewa kutoka, inabidi kusukuma, kibofu kinajaa bila mwenyewe kusikia, ngozi ya huko chini ina ganzi, maumivu yanashuka miguu yote miwili.

Basi ulizeni kwa maneno ya kawaida, mlango umefungwa. "Mama, tangu mgongo huu uanze, mkojo unatoka kama zamani? Ukijaa unausikia? Ukijisafisha chooni, unasikia mkono wako pande zote?" Kwa mwanamume, muulizeni pia kama nguvu za ndoa zimebadilika ghafla. Kama Kiswahili hakimfikii, muulizeni kwa Kinande. Ikiwa aliyekuja kumtafsiria ni mtoto wake wa kiume au mkwe, mtoeni nje kwa upole mkamwite mama muuguzi, kwa sababu hakuna mama atakayelijibu swali hilo mbele ya mkwe wake, naye atasema "hapana" ili yaishe. "Hapana" hiyo ndiyo inayolemaza watu.

Jibu likitia shaka, mpimeni ganzi ya sehemu hizo kwa pamba na kwa ncha butu, kwa ruhusa yake na mbele ya muuguzi. Palipo na ekografi, apimwe kibofu mara tu anapotoka kukojoa. Mkojo uliobaki ukizidi mililita 200, shaka inapanda sana. Na hata kama ekografi haipo, shaka inatosha. Mpigieni simu daktari wa zamu, iwe Katwa, Kitatumba, Matanda au hospitali kuu ya Beni, na mgonjwa aondoke siku hiyohiyo. Kwa Beni nasema zaidi: barabara ya usiku haina usalama, kwa hiyo mtu wa namna hii aliyefika asubuhi asipangiwe foleni mpaka jua linazama.

Mengine nayapita haraka. Bibi aliyeanguka, hata kutoka kwenye kigoda tu, au mtu aliyemeza dawa za kotizoni muda mrefu, anaweza kuwa amevunjika pingili. Motari aliyerushwa na pikipiki, shaka hiyohiyo inamhusu, hata akiwa kijana. Mtu aliyewahi kutibiwa saratani, akaja na mgongo mpya, huyo hata kwa alama hiyo moja aonwe na daktari. Na maumivu yasiyobadilika kwa mkao wala kwa mwendo, yenye homa na mkojo unaochoma, au kwa mama aliyekosa hedhi, huenda si ya mgongo kabisa.

Umeuliza, umepima, hukukuta kitu. Sasa inahitajika imani ya namna nyingine, na hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Mtazameni mama wa miaka 38 kutoka Bulengera. Anabeba mihogo mgongoni, kamba imepita kichwani, kama walivyobeba mama zake. Siku nne zilizopita alijipinda kuinua mzigo, kiuno kikamkata. Uchungu unafika tako la kulia, hauvuki goti. Mkojo ni salama, homa hana, hakukonda, miguu ina nguvu, na akigongwa mgongo hakuna mahali pamoja panapomrusha. Usiku huamka, ndiyo, lakini muulizeni vizuri: anaamka akigeuka, kisha akipata mkao analala tena. Huo si usiku wa yule kijana wa Beni.

Mwambieni mama huyu ukweli. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2012, ulipima maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 100. Watu wenye maumivu mapya walianzia wastani wa 52. Baada ya wiki sita walikuwa 23, na baada ya mwaka walikuwa 6. Sehemu kubwa ya nafuu huja mwanzoni, katika wiki hizo sita. Pia msimfiche kwamba yanaweza kumrudia ndani ya mwaka, kwa sababu hutokea kwa wengi. Asiposikia hilo kwenu, siku yakirudi atadhani kitu kimevunjika. Mwambieni: "Mama, hiki kiuno kimekasirika, hakikuvunjika. Kikirudi tena, utakuwa umeshajua la kufanya."

Wala msimlaze. Mwaka 1986, huko Texas, wagonjwa 203 waligawanywa: wengine waliambiwa walale siku 2, wengine siku 7. Waliolala siku 2 walikosa kazi kwa siku pungufu kwa asilimia 45, na katika mengine hawakupungukiwa na lolote. Mwaka 1995, Helsinki, wafanyakazi wa mji walijaribiwa tena: wengine walilala, wengine walipewa mazoezi ya kunyoosha mgongo, wengine waliambiwa waendelee na shughuli zao kadiri uchungu unavyoruhusu. Hawa wa mwisho ndio waliopona haraka zaidi. Mama wa Bulengera akilala wiki moja, nyumba inalala njaa na kiuno kinazidi kukaza. Kwa nini tumtoze vyote viwili?

Wala msimtume kwenye picha. Uchambuzi wa mwaka 2015 uliwatazama watu wasioumwa mgongo hata kidogo: kati ya wenye miaka 20, watu 37 katika 100 walikuwa na diski iliyochakaa kwenye picha, na kwa wenye miaka 80 karibu wote. Mkimpiga picha mama huyu mtakuta kitu, mtakiandika kwa maneno ya kutisha, naye atakibeba moyoni zaidi ya alivyobeba mihogo. Pesa ile ingenunua unga.

Kuhusu dawa, semeni kwa kiasi, tena pamoja na daktari au muuguzi. Parasetamoli ilijaribiwa Australia kwa watu 1,652, matokeo yakatoka mwaka 2014: walioimeza walipona kwa siku 17, waliomeza vidonge visivyo na dawa kwa siku 16. Ibuprofeni ya siku chache husaidia kidogo, lakini si kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala mimba. Na sindano za takoni nazilia kwa uchungu, kwa sababu zikichomwa mahali pasipofaa hujeruhi mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, na mtu aliyeingia na kiuno kilichokaza hutoka akiburuta unyayo.

Basi mama huyu apewe nini? Apewe joto kwanza: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, kiunoni, robo saa, mara mbili tatu kwa siku, si ya kuunguza ngozi. Atembee leo hii, dakika kumi asubuhi, mchana na jioni, kisha kila siku aongeze kidogo. Ukiwa naye chumbani, tafuteni pamoja mwendo mmoja unaompunguzia: mwingine hupata nafuu akilala chali na kuvuta magoti kifuani, mwingine akisimama na kujinyoosha nyuma. Utakaompunguzia ndio wake, aurudie mara kumi kila baada ya saa chache. Mkono wa kukanda unaweza kumlegeza kwa muda, nami siukatazi, ila atoke akijua kwamba aliyemponya ni mwendo wake, asije akadhani ni kitanda chetu. Uchungu ukipanda anapotembea ukashuka ndani ya saa moja au mbili, aendelee. Ukipanda na kubaki juu mpaka kesho yake, apunguze nusu, asiache.

Na mzigo? Usimwambie asibebe tena maisha yake yote. Huna mamlaka hayo na si kweli. Wiki hii abebe nusu, safari mbili badala ya moja, na mtu amwinulie mzigo kutoka chini. Wiki inayofuata aongeze. Lengo ni kurudi kwenye mzigo wake wote, na amsikie mtu wa kine akilitamka lengo hilo kwa kinywa chake.

Muulizeni pia anaogopa nini. Huku kwetu watu wamezika ndugu tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mwaka 2014, wamelala chini katika nyumba za watu, na mwili usiopata usingizi hauuachilii mkazo wake upesi. Mtu anayeamini kwamba kila uchungu ni kitu kinachochanika atatembea ameshika pumzi, na huyo ndiye maumivu yake yana hatari ya kukaa. Kwake ongezeni muda wa maneno, mumwone tena baada ya siku tatu. Mama wa Bulengera, inatosha arudi baada ya wiki.

Kabla hajaondoka, mwambieni, naye arudie kwa maneno yake, mambo ya kumrudisha upesi bila kungoja siku aliyopangiwa: mkojo kubadilika, ganzi sehemu za siri, mguu kulegea, homa. Andikeni namba yake ya simu. Kila anaporudi ulizeni maswali yaleyale upya, kwa sababu aliyejibu "hapana" siku ya nne anaweza kujibu "ndiyo" siku ya kumi. Na wiki ya sita ikifika, ikiwa maumivu hayajapungua hata nusu, au yameanza kushuka mguuni, mpimeni tena kama mtu mpya tangu mwanzo, mumwandikie daktari barua yenye tarehe yalipoanza, mlichouliza, mlichokuta mguu kwa mguu, mlichofanya, na ugonjwa mnaoushuku kwa jina lake.